Dola Zilezile, Shilingi Tofauti

Tuseme mchora matangazo wa Nairobi analipia programu ya kigeni dola 20 kwa mwezi, na kadi yake ni ya akaunti ya shilingi. Kenya hutoza huduma za kidijitali kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa hiyo ankara yake inasoma dola 23.20. Mwezi unaofuata inasoma vilevile. Mbona benki imekata kiasi kingine?

Kwa sababu ankara ni ya dola, na dola haina bei moja. Mwishoni mwa Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160. Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya kigeni ya dola bilioni 1.5 ili kuanza kulipa deni lililokuwa likiiva Juni. Hofu ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132.

Kiwango kinachotumika kwenye kadi si kile cha Benki Kuu kinachosomwa kwenye taarifa ya habari. Mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, una kiwango chake cha kila siku, kisha benki huongeza tozo yake ya miamala ya kigeni. Tuchukulie tozo hiyo ni asilimia 3.5, na kiwango cha mtandao ni 160 mwezi wa Januari na 132 mwezi wa Machi. Januari mteja atakatwa shilingi 3,842, Machi, 3,170. Ni tofauti ya shilingi 672, na kampuni ya programu haijapandisha wala kushusha bei.

Hata ndani ya muamala mmoja kiasi kinaweza kubadilika. Siku ya malipo benki huzuia fedha kwanza, na ujumbe wa simu hutaja kiasi hicho. Muamala hukamilika siku moja au zaidi baadaye, pengine kwa kiwango kingine, na hicho ndicho kinachobaki kwenye taarifa ya akaunti. Ndiyo maana anayeweka kwenye kadi kiasi kilekile alichokatwa mwezi uliopita anaweza kukuta malipo yamekataliwa: dola ikipanda kidogo tu, salio halitoshi.

Ukitaka kujua chanzo, anza na ankara. Dola zikiwa zimeongezeka, chunguza bei, kodi au idadi ya watumiaji. Zikiwa zilezile, gawanya shilingi ulizokatwa kwa dola hizo. Mfano wa Machi unatoa 136.6. Linganisha na kiwango cha siku hiyo kwenye kikokotoo kilichoko katika tovuti ya mtandao wa kadi yako. Kikiwa 132, pengo ni asilimia 3.5, yaani tozo ya benki. Pengo hilo likibaki lilelile kila mwezi, kilichobadilika ni bei ya dola. Likipanuka ghafla, peleka hesabu hiyo benki na uulize tozo ipi imeongezwa.