Nakala Mama ya Seva: Kuondoa Kisichotumika na Kuweka Kiwango cha Viraka

Katika taasisi zinazoendesha seva nyingi, seva mpya haisakinishwi tena hatua kwa hatua, bali huzalishwa kutokana na nakala mama, yaani faili moja lililobeba mfumo endeshi, vifurushi vya programu na mipangilio yake vikiwa tayari kutumika. Kwa sababu hiyo, huduma moja iliyosahaulika ndani ya nakala hiyo huonekana tena katika kila seva inayotokana nayo, na kasoro ambayo ingekuwa ya mashine moja huwa ya mamia. Makala haya yanafuatilia nakala mama ya Debian 12, toleo la Linux lililotoka Juni 2023, inayoandaliwa kwa ajili ya seva za tovuti zinazosoma mafaili kutoka hifadhi ya pamoja kupitia NFS, itifaki inayowezesha mashine moja kutumia diski ya nyingine kwenye mtandao.

Kazi huanzia kwenye mwongozo wa vigezo, na unaotumiwa zaidi ni ule wa Kituo cha Usalama wa Intaneti cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi CIS. Kila pendekezo lake hueleza sababu, namna ya kukagua na namna ya kurekebisha, nayo mapendekezo hupangwa katika ngazi mbili: ya kwanza ni ya tahadhari ambazo kwa kawaida hazizuii kazi, na ya pili ni ya mazingira yanayohitaji ulinzi mkali hata kama baadhi ya programu zitapata shida. Programu ya ukaguzi kama OpenSCAP huweza kupima mapendekezo mengi kwa mkupuo na kutoa alama, na hapo ndipo wengi hupotoka, kwa kuwa alama hugeuka kuwa lengo badala ya kuwa kipimo. Mwongozo wa CIS, kwa mfano, hutaka seva isiyo kipanga njia izimiwe uwezo wa kupitisha data ya wengine, kwa kuweka `net.ipv4.ip_forward` kuwa 0. Seva inayoendesha kontena za Docker huhitaji uwezo huo, na Docker huuwasha yenyewe inapoanza, kwa hiyo majaribio ya siku ya kwanza hupita salama. Lakini siku mipangilio ya kerneli itakaposomwa upya, pengine majuma kadhaa baadaye, kontena zitakosa mtandao bila mtu kukumbuka chanzo chake. Pendekezo lisilofaa kwa kazi ya seva liandikwe waziwazi kuwa limeachwa, pamoja na sababu na tarehe ya kulitazama upya, kwa maana alama ndogo yenye maelezo ni bora kuliko alama kubwa isiyoeleweka.

Baada ya hapo hufuata swali la msingi zaidi, nalo ni programu zipi zinasikiliza mtandao. Amri ya `ss -tulpn`, ikiendeshwa na msimamizi mkuu, huorodhesha kila lango lililo wazi pamoja na programu inayolishikilia. Katika nakala ya mfano huu, orodha huonyesha SSH kwenye lango 22, kama inavyotarajiwa, na pia `rpcbind` kwenye lango 111, ambayo hakuna aliyeiomba: imeletwa na kifurushi cha `nfs-common`, kinachoitegemea. Kazi yake ni kuwaelekeza wanaouliza ni lango gani linatumiwa na huduma fulani, na kwa kuwa jibu lake laweza kuwa kubwa kuliko swali, huduma hii ikiachwa wazi kwa intaneti hutumika kuzidisha mashambulizi dhidi ya watu wengine, jambo lililoonekana wazi mwaka 2015.

Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuifuta, lakini kuifuta `rpcbind` huondoa pia `nfs-common`, na seva hupoteza hifadhi yake. Njia ya pili ni kuisimamisha huduma, nayo ina mtego wake, kwa sababu systemd, programu inayosimamia huduma zote za mfumo, hulishikilia lango 111 kwa niaba ya `rpcbind` na kuiamsha mara tu mtu anapobisha. Dalili yake ni kwamba katika orodha ya `ss` jina la systemd hubaki kwenye lango hilo hata baada ya huduma kusimamishwa. Suluhisho ni kuvifunga vyote viwili, huduma na soketi yake, kwa namna ambayo hakuna programu nyingine iwezayo kuviamsha:

```
systemctl mask --now rpcbind.socket rpcbind.service
```

Hatua hii inawezekana kwa sababu toleo la 4 la NFS hutumia lango moja tu linalojulikana, 2049, na halihitaji kuelekezwa na `rpcbind`. Hifadhi ikiwa bado inatumia toleo la 3, jaribio la kuiunganisha litashindwa kwa ujumbe unaosema kuwa `rpc.statd` haifanyi kazi, na hapo uamuzi wa kweli ni kuihamishia hifadhi kwenye toleo la 4, si kuifungua tena `rpcbind`. Ukaguzi wa mwisho ufanyike baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa, na ufanyike pia kutoka mashine nyingine, maana orodha iliyo safi kabla ya kuwasha upya haithibitishi chochote kuhusu kitakachoamka baadaye.

Upande wa viraka, yaani masasisho yanayoziba kasoro za usalama, kinachohitajika ni kiwango cha msingi kinachotajwa kwa tarehe: nakala hii ina kila kiraka kilichokuwapo hadi siku fulani. Debian hutunza kumbukumbu ya hazina zake kwa tarehe, kwa hiyo mtambo wa kujenga nakala waweza kuelekezwa kwenye siku moja, na nakala ikijengwa mara mbili hupata vifurushi vilevile:

```
deb [check-valid-until=no] https://snapshot.debian.org/archive/debian-security/20250301T000000Z/ bookworm-security main
```

Faida ya kujenga kwa tarehe ni kubwa pale seva mpya inapoharibika, kwani tofauti kati ya nakala ya juma hili na ya juma lililopita huweza kusomwa kifurushi kwa kifurushi. Hatari yake ni ya kimyakimya. Mstari huo ukisahauliwa ndani ya nakala iliyokamilika, seva zote zinazotokana nayo zitabaki katika siku hiyo, huku `unattended-upgrades`, programu inayosakinisha viraka yenyewe, ikiendelea kuamka kila asubuhi, kukuta hakuna kipya, na kuandika kwamba kazi imekamilika bila hitilafu. Ripoti zitakuwa safi ilhali mashine zinachakaa. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya ujenzi hurudisha anwani za kawaida za hazina, na jaribio moja huwasha seva kutoka kwenye nakala na kusoma matokeo ya `apt-cache policy`; jina la `snapshot.debian.org` likionekana humo, nakala hukataliwa.

Nakala ikijengwa upya kila juma, seva changa huanza ikiwa na viraka vya karibuni, na zile zinazoishi muda mrefu hutegemea ratiba ya kila siku, ambayo katika Debian huanza saa 12 asubuhi kwa saa ya mashine, ikiwa na ucheleweshaji wa kubahatisha wa hadi dakika 60 ili seva zote zisibadilike kwa pamoja. Hata hivyo, kiraka kilichosakinishwa si lazima kiwe kinatumika. Programu iliyokwisha kupakia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu huendelea kuitumia hadi iwashwe upya, na kerneli mpya hukaa kwenye diski ikisubiri mashine nzima iwashwe, jambo ambalo `unattended-upgrades` hailifanyi isipokuwa imeagizwa. Programu ya `needrestart` hutaja huduma zilizobaki nyuma, na kwa upande wa kerneli hutosha kulinganisha jibu la `uname -r` na kerneli mpya kabisa iliyomo katika saraka ya `/boot`. Seva ambayo majibu hayo mawili yanatofautiana kwa zaidi ya juma moja ni afadhali ibadilishwe kwa nyingine iliyotoka kwenye nakala mpya kuliko kuwashwa upya kwa kubahatisha.