Asali ya Sagalla Kwenda Ulaya: Kilo Mbili ni za Kula, si za Kuuza

Huku Sagalla asali imekuja kwa njia ya ndovu. Tangu 2009 shirika la Save the Elephants limekuwa likiwasaidia wakulima wa hapa kuzungushia mashamba mizinga iliyoning'inizwa kwa waya. Ndovu akitoka Tsavo Mashariki na kuugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuza njia. Mahindi yanapona, na asali inabaki. Ndiyo maana siku hizi jamaa zetu walioko Ulaya wakipiga simu hawaulizi bizari na pilipili peke yake.

Mwezi uliopita mama mmoja jirani alinijia na oda ya mpwa wake aliyeko Birmingham. Alitaka kilo sita kwa sanduku moja: mbili za nyumbani kwake, na nne awauzie wenzake msikitini baada ya sala ya Ijumaa. "Mwanangu, mimi nataka asali yangu ifike tu," akaniambia.

Nilimwambia kwa sanduku lile haitafika. Uingereza inamruhusu mtu kuingiza asali isiyozidi kilo mbili kutoka nchi kama yetu, iwe mkobani au kwa posta, na nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina kiwango hicho hicho. Lakini ruhusa hiyo ni ya mlaji. Asali inayokwenda kuuzwa tena huhesabiwa biashara hata ikiwa chupa moja. Hiyo hutakiwa iwe na cheti cha afya kutoka mamlaka ya mifugo ya serikali, itolewe taarifa kabla haijafika, na ipitie kituo cha ukaguzi mpakani. Mama mwenye mizinga minane hawezi gharama hizo peke yake. Hilo ni la ushirika.

Kwa hivyo tuliigawa. Mpwa alipata kifurushi chake cha chupa tatu za gramu mia tano, yaani kilo moja na nusu. Wenzake wawili waliokuwa wanataka ya kula walilipa wenyewe kwa simu, na kila mmoja akatumiwa yake kwa jina lake na anwani yake. Ile ya kuuza msikitini tuliiacha.

Kwenye posta kuna fomu ya forodha, CN 23, na hapo watu wengi huchezea. Inauliza kama mzigo ni zawadi au ni mauzo. Zawadi hupewa nafuu ya kodi, kwa hivyo mkono huenda huko wenyewe. Lakini kitu kilicholipiwa si zawadi, na mtu akiulizwa kule risiti ya malipo atasema nini? Tuliandika mauzo, tukataja asali ya nyuki, uzito na bei ya kweli. Neno "vyakula" peke yake ndilo linalofanya sanduku lifunguliwe. Kwa Marekani tofauti hii ina uzito zaidi: chakula ulichokipika nyumbani mwako ukamtumia mtu zawadi hakihitaji taarifa kwa FDA, bali cha kuuza lazima taarifa itangulie kabla hujakiposti.

Mama alitaka pia kutia kibuyu cha samli na nyama kavu. Nilivitoa vyote. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi Uingereza wala Umoja wa Ulaya, hata kidogo, na vikikutwa humo vinahatarisha na asali iliyokuwa halali. Samaki mkavu angepita, maana samaki ana kiwango chake.

Hatari nyingine iko ndani ya chupa. Asali iliyovunwa kabla nyuki hawajayaziba masega kwa nta huwa na maji mengi. Kipimo cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchachuka njiani, gesi husukuma kifuniko, na chupa hufika ikiwa imelowesha sanduku zima. Ikitoa povu juu, ikinuka uchachu au kifuniko kikivimba, usiitume. Wenye vikundi hupima kwa refraktomita. Asiyekuwa nayo avune masega yaliyozibwa tu, aikoroge kwa kijiko kikavu na aiache siku kadhaa aitazame. Kuganda si kuharibika, mwambie mnunuzi mapema asije akadai pesa zake.

Na walio na jamaa Ghuba, angalieni bizari ya pilau. Saudia imepiga marufuku kuingiza kungumanga, kwa kuwa wanaihesabu katika vilevi. Kwetu ni kiungo tu cha chunguni, lakini kwa mzigo wa huko saga bila hiyo, na uandike nje ya pakiti kila kilichomo.

Vile vifurushi vitatu vilitoka Voi siku moja. Viwili vimefika, cha tatu, wakati naandika haya, bado kiko forodha.