Maambukizi 22,961 kwa Siku Moja?

Jumapili tarehe 4 Oktoba 2020, Waingereza waliofungua ukurasa wa serikali wa takwimu za korona walikuta maambukizi mapya 22,961. Ijumaa yake idadi ilikuwa 6,968. Ugonjwa haukuwa umeongezeka mara tatu ndani ya siku mbili. Majibu yalikuwa yamekwama njiani, yakaingia kwa mkupuo.

Majibu hayo yalitoka maabara yakiingizwa katika mfumo wa wakala wa afya ya umma kwa kutumia lahajedwali la aina ya zamani, XLS, ambalo halipokei zaidi ya mistari 65,536. Mtu mmoja huchukua mistari kadhaa. Faili likijaa, iliyozidi huachwa nje. Ukurasa uliendelea kutoa namba mpya kila siku, na hapo ndipo palipokuwa na hatari: ukurasa ukizimika kila mtu huona, lakini namba pungufu hupita kama namba nyingine yoyote.

Jumamosi liliwekwa tangazo fupi. Lilieleza kuwa kumetokea hitilafu, imeshatatuliwa, na jumla za siku zinazofuata zitabeba pia maambukizi ya kati ya 24 Septemba na 1 Oktoba. Lilitaja kipindi na upande wa kosa, jambo jema. Halikutaja idadi, kwa hiyo aliyesoma 12,872 za siku hiyo hakuweza kujua ngapi ni mpya na ngapi ni za nyuma.

Maelezo kamili yalipotoka, hesabu ilifunguka. Waliokosekana ni 15,841, kuanzia 25 Septemba hadi 2 Oktoba, tena kwa mchanganuo wa kila siku: 957 siku ya kwanza, 4,786 siku ya mwisho. Basi Ijumaa ile ilistahili kusomeka 11,754. Nazo Jumamosi na Jumapili zilitangaza jumla ya 35,833. Toa 15,841, zinabaki 19,992, yaani karibu 10,000 kwa siku.

Kwangu, mchanganuo huo ndio roho ya tangazo zima. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa ukurasa ulionyesha takriban 7,000 kila siku, kana kwamba hali imetulia, kumbe tayari ilikuwa imevuka 10,000. Wananchi walitulizwa na namba wakati wa kuwa macho, wakashtuliwa Jumapili kwa kupanda kulikokwisha kutokea.

Tangazo la namna hii lina deni jingine: kusema kipi hakikuharibika. Waliopimwa walikuwa wamepata majibu yao kama kawaida. Waliochelewa ni wafuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa. Majina yaliwafikia usiku wa kuamkia Jumamosi.

Mchoro unaofuata tarehe ya kutangazwa ulibaki na kilele kile cha Jumapili. Unaofuata tarehe ya kuchukuliwa sampuli ulirudisha kila mgonjwa kwenye siku yake, na huo ndio wa kutazama ukitaka kujua ugonjwa ulivyokwenda.