Picha ya Mkoba Inasema Nini?

Mkoba wa mtumba wa Louis Vuitton unapouzwa mtandaoni, mkaguzi huomba picha za karibu za mshono, chapa iliyogandamizwa kwenye ngozi, na namba ya ndani. Tuseme namba ni SD4189. Kwa mikoba iliyotengenezwa kuanzia 2007, tarakimu ya kwanza na ya tatu hutaja wiki, yaani 48. Ya pili na ya nne hutaja mwaka, 2019. Ingekuwa SD7149, wiki ingekuwa ya 74, na mwaka hauna wiki hiyo. Mkoba huo ni wa kughushi.

Lakini namba sahihi haithibitishi kitu, maana mghushi hunakili namba ya mkoba halisi. Ndiyo sababu herufi za chapa na mshono huangaliwa pia. Tangu 2021 kampuni huweka chipu badala ya namba, na chipu haionekani pichani.

Picha haipimi uzito wala harufu ya ngozi. Wala haizuii muuzaji kupiga picha mkoba halisi akakutumia mwingine. Ukiupokea, linganisha mikwaruzo yake na ile ya pichani kabla muda wa kurudisha haujaisha.