Jinsi Karatasi Tupu Inavyotenganisha Hati

Wakala wa forodha mwenye ofisi katika eneo la Posta, Dar es Salaam, hupokea karatasi za namna nyingi kwa mzigo mmoja wa mfanyabiashara wa Kariakoo: ankara, hati ya shehena, stakabadhi. Karani aweza kuzipanga zote katika fungu moja, akaweka karatasi tupu baina ya hati na hati, kisha akazipitisha katika skana kwa mara moja. Kazi ya programu ya kompyuta ni kuitambua kila karatasi tupu na kulikata fungu mahali hapo.

Kwa kompyuta, weupe ni jambo la kuhesabiwa. Ukurasa wa A4 usomwapo kwa vitone 300 kwa kila inchi huwa na vitone karibu milioni 8.7. Kila kitone hupewa namba, tangu 0 ambayo ni weusi kamili hadi 255 ambayo ni weupe kamili. Chukulia kwamba kitone kilicho chini ya 128 huhesabiwa kuwa cheusi, na kwamba ukurasa wenye vitone vyeusi pungufu ya 0.5 kwa mia huhesabiwa kuwa mtupu. Kiwango hiki hakiwi sifuri, kwa kuwa vumbi na matundu ya faili huweza kuacha weusi kidogo hata katika karatasi safi.

Matatizo huanza skana isomapo pande zote mbili. Chukulia fungu la karatasi sita: ankara ya karatasi mbili zilizochapwa upande mmoja, karatasi tupu, hati ya shehena iliyochapwa pande mbili, karatasi tupu, na stakabadhi ya upande mmoja. Zitapatikana picha 12. Picha ya 2 ni mgongo wa ankara, nayo ni tupu. Programu ikikata hapo, ankara itagawanyika na hati zitakuwa nne badala ya tatu. Dawa yake ni kuzichukua picha mbili mbili, 1 na 2, 3 na 4, na kukata pale tu ambapo pande zote mbili za karatasi ile ile ni tupu. Hapo mikato huwa miwili: picha za 5 na 6, na za 9 na 10.

Hatari kubwa zaidi imo katika stakabadhi. Ile iliyochapwa kwa joto hufifia kadiri siku zinavyopita. Herufi zake zikifikia namba 200, programu huziona nyeupe, huidhani stakabadhi kuwa kitenganishi, na huitupa. Ushahidi wa malipo hupotea.

Kwa hiyo karani huhesabu. Vitenganishi viwili huleta hati tatu. Hati zikipungua, huenda skana imevuta karatasi mbili kwa pamoja, na picha zitakuwa pungufu ya 12. Picha zikitimia 12 ilhali hati ni mbili tu, huenda karatasi yenye maandishi imedhaniwa kuwa tupu. Ndiyo sababu kurasa zilizohesabiwa kuwa tupu hazifutwi kabla ya kutazamwa kwa macho.