Je, Wajua? Ukuta wa Pili Ndio Uulao Mwendo wa Waifai

Watu wengi waliotia intaneti majumbani mwao wameliona jambo hili wala hawakulitafutia sababu: simu iliyo sebuleni, mkabala wa ruta, hufungua filamu mara moja, ilhali simu hiyo hiyo ikichukuliwa hadi chumba cha kulala, kuta mbili tu mbele, filamu hukwama, sura za wanaozungumza huganda, na pengine waifai hutoweka kabisa. La ajabu si kwamba mwendo hupungua, bali ni jinsi upunguavyo. Maana chumba cha katikati, kilichotengwa na ruta kwa ukuta mmoja, aghalabu hakioni taabu ya kutajika, na ukuta wa pili, uliojengwa kwa tofali zile zile na kwa unene ule ule, ndio uletao msiba wote. Kuta mbili zilizo sawa, mtu angedhani, zingepunguza mwendo kwa kadiri moja. Hazifanyi hivyo, na sababu yake yafaa kuelezwa kwa utaratibu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mawimbi huchelewa njiani. Mawimbi ya redio hwenda kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, na kutoka sebuleni hadi chumbani hayatumii hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kinachopungua njiani ni nguvu. Ruta ya nyumbani hutoa nguvu ndogo, aghalabu kama sehemu ya kumi ya wati, na nguvu hiyo hutawanyika pande zote kadiri inavyokwenda, hata kila umbali unapokuwa maradufu, simu hupata robo tu ya ilichokuwa ikipata awali. Mita 2 zikawa 4, ni robo. 4 zikawa 8, ni robo ya robo.

Wahandisi hawapendi kuandika sehemu hizi za sehemu, kwa hiyo hutumia kipimo kionekanacho katika programu za kupimia waifai kwa alama ya dBm, nacho huwa na kitoa mbele yake. Kanuni yake ni nyepesi: kila nambari ikishuka kwa 3, nguvu imekuwa nusu, ikishuka kwa 10, imebaki sehemu ya kumi. Basi -40 ni nguvu nyingi, -50 ni sehemu yake ya kumi, na -70 ni sehemu yake ya elfu. Umbali ukiwa maradufu hutoa 6 katika hisabu hii.

Ukuta nao una njia zake za kutoa. Wimbi likigonga tofali ya saruji, sehemu yake hurudishwa nyuma, sehemu huingia na kugeuka joto dogo lisilohisiwa na mkono, hasa ukuta ukiwa na unyevu, na baki ndiyo itokayo upande wa pili. Likipita kwa mshazari badala ya kupita moja kwa moja, hukuta unene mkubwa zaidi katika ukuta ule ule. Zikiwamo nondo, kama katika nguzo na linta, madini hayo hurudisha mengi zaidi. Masafa nayo yana hukumu yake. Waifai za majumbani hutumia zaidi masafa mawili, ya gigahezi 2.4 ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 12, na ya gigahezi 5 ambayo wimbi lake ni chini kidogo ya nusu ya hapo. Na ukuta wa saruji huyazuia haya mafupi kuliko yale marefu. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote mbili waweza kwa wepesi kutoa 10 katika masafa ya gigahezi 5, yaani kubakisha sehemu ya kumi tu ya kilichoingia, na katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za nyumba kongwe za Zanzibar na Lamu, zenye unene upatao nusu mita, hasara ni kubwa zaidi.

Lakini nguvu ikipungua, kwa nini mwendo nao upungue? Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lote. Mwaka 1948 mwanahisabati wa Kimarekani Claude Shannon alithibitisha kwamba kiasi cha habari kinachoweza kupita katika njia yoyote bila ya kukosewa kina mpaka, na mpaka huo hutegemea upana wa njia na jinsi nguvu ya ishara inavyoizidi kelele. Ruta na simu huishi chini ya sheria hiyo. Fikiri mwalimu asomaye imla: mwanafunzi aliye mbele yake aweza kusomewa sentensi nzima kwa mkupuo, lakini yule aliye mwisho wa ukumbi wenye kelele lazima asomewe neno moja moja, na pengine lirudiwe. Ruta hufanya vivyo hivyo kwa alama zake. Ishara ikiwa na nguvu, kila alama huchaguliwa miongoni mwa alama 256 zinazokaribiana sana, na hivyo hubeba biti 8 kwa mara moja. Ikidhoofika, alama zinazokaribiana hazipambanuki tena katika kelele, na ruta hushuka hadi alama 64, kisha 16, kisha 4, na mwisho 2 tu, ambazo hubeba biti moja. Haishuki kwa mteremko laini, bali kwa ngazi, na kila daraja lina kiwango chake cha nguvu kilichoandikwa katika kanuni.

Sasa tufanye hisabu ya nyumba moja. Tuchukue ruta ya kanuni ya 802.11ac, itumiayo masafa ya gigahezi 5, njia ya upana wa megahezi 80 na antena mbili, na simu iliyo na antena mbili pia. Kwa vifaa hivyo daraja la juu ni megabiti 867 kwa sekunde, na kanuni yataka kipokezi kiweze kulipata ishara inapofika kwa -51. Daraja la mwisho ni megabiti 65, nalo latakiwa lipatikane kwa -76. Sebuleni, mita 2 kutoka kwa ruta, tuseme simu yapata -40. Ina akiba ya 11 juu ya inachohitaji kwa mwendo mkuu kabisa, na akiba hiyo haimfai mwenye simu kwa lolote, kwa kuwa hakuna daraja lililo juu zaidi.

Aingie chumba cha katikati, mita 4 kutoka kwa ruta. Umbali umetoa 6, ukuta umetoa 10, na jumla ya 16 imeifikisha ishara kwenye -56. Akiba yote imeliwa na zaidi kidogo, lakini -56 yatosha kwa daraja la megabiti 650. Nguvu imebaki sehemu moja katika 40, na bado mwendo umepungua kwa robo tu, nani atatambua? Aendelee hadi chumba cha kulala, mita 8. Umbali umekuwa maradufu tena, 6. Ukuta wa pili umetoa 10. Jumla ni 16 ile ile. Ishara sasa ni -72, na daraja linalostahili kiwango hicho ni la megabiti 130. Hasara ya kwanza iligharimu robo ya mwendo. Ya pili, iliyo sawa nayo kwa kila kipimo, imechukua sehemu nne katika tano za kilichobaki. Ukuta wa kwanza ulilipwa kwa akiba, wa pili umelipwa kwa mtaji.

Mtu atasema kwamba megabiti 130 ni nyingi kwa filamu moja, na kweli, hata tukitoa muda wa kusubiri zamu na wa kuthibitisha mapokezi, ambao hula kiasi cha nusu. Lakini tazama kilichobaki: kati ya -72 na -76 pana 4 tu. Mwenye simu akijigeuza kitandani na mwili wake ukaingia kati, au mlango ukafungwa, hizo 4 zimekwisha. Fauka ya hayo, mawimbi yaliyorudishwa na kuta hukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, mahali pengine yakisaidiana na pengine yakifutana, hata kuisogeza simu sentimita chache kunaweza kubadili nambari mno. Heinrich Hertz aliyapima mafundo hayo ya mawimbi huko Karlsruhe mnamo 1888, kwa kuyarudisha kwa bati la zinki. Sebuleni mafundo hayo yapo pia, ila akiba huyaficha.

Liko na jingine linaloghuri watu. Vistari vya waifai katika simu huonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta, si jinsi ruta inavyoisikia simu. Na simu, yenye betri ndogo ya kuhifadhiwa, aghalabu husema kwa nguvu haba kuliko ruta. Hivyo vistari viwili vyaweza kuwapo na majibu ya simu yasifike. Tena hewa ni ya wote kwa zamu: simu ya chumbani ikipokea kwa megabiti 130 hushika hewa kwa muda uliozidi mara 6 ule unaohitajiwa na simu ya sebuleni kwa habari ile ile, na kwa hiyo udhaifu wa chumba kimoja hupunguza mwendo wa nyumba nzima.

Jinsi ya kutambua kama aliyekosa ni ukuta au kampuni ya intaneti si ngumu. Pima mwendo kando ya ruta, kisha chumbani. Ukiwa mbaya pote, hitilafu haiko ukutani. Katika kompyuta ya Windows, andika amri hizi pahali pote pawili:

```
netsh wlan show interfaces
ping 192.168.1.1
```

Amri ya kwanza huonyesha, katika mstari wa `Receive rate`, daraja ambalo ruta na kompyuta zimekubaliana. Ya pili huiuliza ruta yenyewe bila ya kutoka nyumbani, maadamu anwani hiyo ndiyo ya ruta yako. Majibu yakichelewa au yakipotea chumbani na kuwa sawa sebuleni, ukuta umehukumiwa.

Dawa nayo hufuata hisabu. Kuhamia masafa ya gigahezi 2.4 hupunguza hasara ya kuta, walakini mwendo wake mkuu ni mdogo, na njia zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, ambazo majirani wamekwisha kuzijaza. Kirudishi cha ishara kikiwekwa chumbani kwenyewe hakifai kitu, kwa kuwa kitapokea -72 ile ile na kuirudia, na aghalabu kitatumia hewa mara mbili kwa habari moja. Mahali pake ni chumba cha katikati, ambako bado pana -56. Bora kuliko hayo ni kuitoa ruta pembeni mwa sebule na kuiweka juu, ukumbini, mkabala wa milango, ili kila chumba kitengwe nayo kwa ukuta mmoja. Na bora kuliko yote ni kupitisha waya hadi chumbani na kuweka ruta ya pili mwisho wake, kwa sababu waya hupita ukutani kwa tundu dogo na hautozwi hata moja ya zile 16.