Rangi Zilizofichika katika Jani la Kunde

Jani la kunde laonekana kijani tu, lakini hapa shuleni kwetu, karibu na Malaba, nimeona rangi nne zikitoka ndani yake.

Nilisaga majani mabichi kwa mchanga safi na asetoni kidogo, ili seli zipasuke. Kwenye karatasi ya kuchujia nilipiga mstari kwa penseli (wino haufai, nao hupanda), nikatia tone dogo la rangi juu yake. Lilipokauka nikatia tena pale pale, mara kumi. Kisha nikaisimamisha karatasi katika chupa yenye kifuniko, mbali na moto, ncha yake ikigusa dawa: etha ya petroli sehemu 9, asetoni sehemu 1. Tone lisizame katika dawa.

Rf ni mwendo wa rangi uliogawanywa kwa mwendo wa dawa, yote miwili ikipimwa kutoka mstari wa penseli. Mara ya kwanza karotini ilinipa 7.4 ÷ 7.0, yaani 1.06. Haiwezekani, abiria hatangulii basi lake! Nilikuwa nimengoja karatasi ikauke. Alama ya dawa ikapotea, nami nikaikisia.

Mara ya pili niliweka alama papo hapo nilipoitoa karatasi. Dawa ilifika sentimita 8.0. Karotini ya manjano ilikwenda 7.6, Rf 0.95, zanthofili 5.7, Rf 0.71; klorofili a 5.2, Rf 0.65, klorofili b 3.6, Rf 0.45. Ukibadili dawa, namba hizi nazo zitabadilika.